Fundi Anayejumlisha Kwanza

Huko Mbagala na Tandika, au ukivuka jiji hadi Tegeta, mafundi wa kompyuta hufanya kazi kwenye joto na vumbi. Mteja analeta mashine yake ya gemu, anataka iongezwe feni. Fundi wa haraka huchukua waya wa matawi, anachomeka feni zote kwenye pini moja ya mazabodi, zinazunguka, anapokea hela. Ninayemsifu mimi ni yule anayegeuza kila feni kwanza, akasoma lebo ya mgongoni.

Anatafuta namba ya ampea. Pini za feni kwenye mazabodi nyingi, zile zilizoandikwa `CHA_FAN` au `SYS_FAN`, hubeba ampea 1 kwa volti 12, yaani wati 12 tu. Zipo zinazobeba 2 au 3, hasa zilizotengwa kwa ajili ya pampu ya maji, lakini hilo huaminiwa likiwa limeandikwa kwenye kitabu cha mazabodi yenyewe. Kitabu kikikosekana, fundi mwangalifu huhesabu ampea 1.

Tuseme mteja ana feni tano: tatu za mbele, moja ya nyuma, moja ya juu, kila moja imeandikwa 0.25. Jumla ni 1.25. Hapo tayari zimezidi, na bado hatujagusa sekunde ya kuwaka, ambapo feni iliyosimama huvuta umeme zaidi ya ule wa kawaida ili ianze kuzunguka. Kwa hiyo hata feni nne, ambazo kwa hesabu ya karatasini zinafika 1 kamili, fundi huyu hazikubali. Anaishia tatu, jumla 0.75, na nafasi iliyobaki anaiacha makusudi.

Waya wa matawi hauongezi umeme, unaugawa tu. Ukiunganisha waya wa matawi juu ya mwingine, mzigo wote bado unaangukia pini ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa jumla imejificha. Dalili zake huja polepole: asubuhi feni moja inasitasita kuanza, plastiki ya plagi inageuka rangi ya kahawia, kisha pini inakufa kabisa huku feni zenyewe zikihamishiwa kwingine zinafanya kazi vizuri. Hapo mteja atauziwa feni mpya bila sababu.

Kwa feni tano dawa ni habu inayochukua umeme wake moja kwa moja kwenye pawa saplai kwa plagi ya SATA. Plagi hiyo hubeba hadi ampea 4.5 za volti 12, kwa hiyo 1.25 haiisumbui. Ila dukani Kariakoo habu mbili zinaweza kufanana kabisa, moja ikiwa na plagi ya umeme na nyingine haina. Hii ya pili ni waya wa matawi uliovalishwa kasha. Fundi pia hutazama waya unaotoka kwenye habu kwenda mazabodi. Kwenye habu iliyotengenezwa vizuri, tundu la volti 12 upande huo liko tupu, kwa sababu kazi ya waya huo ni kupeleka amri ya kasi na kurudisha hesabu ya mizunguko. Akikuta tundu hilo lina waya, anairudisha habu dukani. Feni ya prosesa anaiacha peke yake kwenye `CPU_FAN`.

Linalobaki ndilo linalohitaji jicho zaidi. Kwa waya huo mmoja mazabodi haiwezi kusikiliza feni tano kwa mpigo, hivyo habu ina tundu moja tu linaloripoti mizunguko, mara nyingi likiwa na alama au namba 1. Feni iliyochomekwa hapo ni kama mjumbe wa nyumba kumi: yeye akisema mtaa uko salama, serikali inaandika salama. Hizo nyingine nne zinaweza kukwama kwa vumbi na namba kwenye skrini isitikisike hata kidogo. Fundi wetu hulijaza tundu hilo kwa feni ya mbele, inayokula vumbi la kwanza, kisha anashusha kasi hadi asilimia 30, anazima mashine, anaiwasha tena akiangalia kama zote tano zinaanza zenyewe. Feni za pini tatu hazitii amri hiyo ya kasi. Kwenye habu ya namna hii zitakimbia kwa nguvu zote muda wote, na afadhali mteja aambiwe kabla hajalipa kuliko arudi kulalamikia kelele.

Akimaliza anashika plagi ya habu kwa vidole baada ya mashine kufanya kazi dakika kumi. Ikiwa ya moto, hafungi kifuniko. Kisha anamwonyesha mteja, kwa kidole, zile feni nne ambazo skrini haitazitaja kamwe, na kumwambia azitazame kwa macho kila anapofuta vumbi.