Tunda la Safari na Gunia la Makala: Mchezo wa Sauti katika Vitabu vya Kale vya Ndoto

Vitabu vidogo vya kufasiri ndoto, vilivyotolewa katika Kiarabu na kugeuzwa Kifaransa au Kiswahili, vina tabia moja inayomtatiza msomaji makini: vinatoa hukumu bila kutoa sababu. Anayeota tunda fulani atasafiri; anayepewa ua fulani atapatwa na ubaya kwa mwaka mzima. Msomaji wa Lubumbashi akiuliza tunda lina uhusiano gani na safari, kitabu kinanyamaza. Wengine huchukulia ukimya huo kuwa ni siri ya hekima ya wazee, na wengine huuona kuwa ni upuuzi mtupu. Katika tahakiki hii tunakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi si siri wala si upuuzi. Ni neno lililopotea katika tafsiri. Hatuamui hapa kama ndoto hutabiri au haitabiri. Tunachochunguza ni namna matini hizi zilivyojengwa, na kile kinachovunjika zinapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine.

Tukianza na tunda hilo, jina lake kwa Kiarabu ni safarjali. Ni tunda la manjano lenye harufu nzuri, jamaa ya tofaa, ambalo halioti katika bustani zetu za Katanga. Ibn Kutaiba, mwanachuoni aliyefariki mwaka 889, aliandika kitabu cha kufasiri ndoto ambacho ni miongoni mwa vya kale zaidi vilivyotufikia kwa Kiarabu. Katika utangulizi wake anaorodhesha njia mbalimbali za kufasiri, na mojawapo ni kufasiri kwa jina. Mfasiri haangalii kitu chenyewe, bali anasikiliza jina lake. Anayeota mtu aitwaye Salimu hupata salama. Anayeota Rashidi hupata uongofu. Kwa njia hiyohiyo, safarjali ni safari, kwa sababu silabi zake za mwanzo ndizo hizo. Na ua liitwalo sausani hukatwa vipande viwili, suu yaani ubaya, na sana yaani mwaka. Hukumu yote imo ndani ya sauti. Ukiliondoa jina, hakuna kinachobaki cha kuitegemeza.

Njia hii haikuwa mzaha wa watu wa mitaani. Katika mkusanyo wa hadithi wa Muslimu imo ndoto ya Mtume mwenyewe: alijiona katika nyumba ya Ukba bin Rafii, wakaletewa tende mbivu za aina iitwayo ya Ibn Tabu. Akafasiri kwa majina yote matatu. Katika Rafii alisikia kuinuliwa, katika Ukba alisikia mwisho mwema, na katika Tabu alisikia kwamba dini imekuwa njema. Nyumba haikufasiriwa kama nyumba, wala tende kama chakula.

Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba wanachuoni wa mapokeo hayo walijua mpaka wa njia yao. Katika baadhi ya vitabu vyao imeandikwa kwamba safarjali huashiria safari kwa Mwarabu, lakini kwa ajuaye Kifarsi huashiria utukufu na raha, kwa kuwa Wafarsi huliita tunda hilo behi, neno linalokaribiana na lile lenye maana ya wema. Tunda ni lilelile na ndoto ni ileile. Kilichobadilika ni ulimi wa mwotaji. Hapa kanuni imewekwa wazi: fumbo la sauti si mali ya kitu kilichoonekana, ni mali ya lugha ya aliyekiona.

Kanuni hiyo inakwenda mbali zaidi ya tofauti ya lugha na lugha. Katika Talmudi ya Babeli, katika mlango wa Berakoti wenye maelezo marefu kuhusu ndoto, tunamkuta paka. Mahali ambapo watu humwita shunara, mwotaji atatungiwa wimbo mzuri, kwani jina hilo linakaribiana na shira naa, yaani wimbo wa kupendeza. Mahali ambapo humwita shinra, atapatwa na badiliko baya, kwani linakaribiana na shinui ra. Tofauti ya majina hayo mawili ni ndogo mno; ni tofauti ya lahaja, si ya lugha. Hata hivyo inatosha kugeuza heri kuwa shari. Mwandishi wa matini hiyo hakuuliza ni tamko lipi lililo sanifu. Aliuliza watu wa mahali pale husemaje.

Tuchukue sasa swali hilohilo tulilete Lubumbashi. Neno la kwanza la kuangalia ni kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili Sanifu, kuota kuna maana zaidi ya moja: mtu huota ndoto, mbegu huota shambani, na mzee huota moto wakati wa baridi. Mtunzi wa Dar es Salaam au Unguja anaweza kujenga juu ya sauti hiyo moja na kusema, kwa mfano, kwamba aliyeota mbegu zikiota ataona ndoto yake ikitimia. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi mchezo huo haufanyi kazi, kwa sababu hapa watu husema kulota, kama vile wasemavyo majirani zetu wa Kibemba na Kiluba. Konsonanti l iliyodondoka upande wa pwani imehifadhiwa kwetu. Wala si kosa la matamshi: nomino ndoto, ambayo Sanifu pia inayo, ina d iliyotokana na l hiyo baada ya nazali, kama ilivyo katika ulimi na ndimi. Kwa hiyo kulota kwetu hakukutani na kuota kwa mbegu. Mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi katikati ya simulizi la ndoto yake, akimtaka aseme kuota, hasahihishi tahajia tu. Anamtilia mdomoni fumbo ambalo halikuwamo.

Mfano wa pili tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme mtu ameota gunia la makaa limewekwa mlangoni pake. Huko Dar es Salaam bidhaa hiyo huitwa mkaa, na mfasiri wa sauti atasikia ndani yake kitenzi kukaa: mwotaji asiondoke, akae. Huku Lubumbashi bidhaa hiyohiyo huitwa makala. Mama anayenunua makala kwa gunia au kwa kifurushi hasikii ndani ya neno hilo amri yoyote ya kukaa. Kwake ni moto, chakula, vumbi jeusi na bei. Lakini mwanawe, aliye mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu, anayo makala mawili: yale ya jikoni na yale ya kuandikwa, ambayo Kiswahili Sanifu kimeyapokea kutoka Kiarabu. Ikiwa ametuma andiko lake kwenye jarida na anangoja majibu, gunia la makala mlangoni linaweza kusema naye jambo ambalo haliwezi kumwambia mama yake, ingawa wanalala chini ya paa moja. Hivyo gunia moja linatoa usomaji wa aina tatu: kwa mtu wa Dar es Salaam, kukaa, kwa mwanafunzi, andiko, kwa mama, hakuna fumbo la sauti hata kidogo, na ndoto yake isomwe kwa picha yenyewe. Kitabu kitakachoandika hukumu moja kwa wote watatu kitakuwa kimekosea kwa wawili.

Hatari huonekana pale msikilizaji anapotumia sikio lake mwenyewe mahali pa ulimi wa mwotaji. Mgeni kutoka Tanzania anasimulia kwamba aliota akifua nguo za mama yake. Huku kwetu wengi husema kufula kwa kazi hiyo, na kufa twasema kufwa. Kwa hiyo kufua kwa mgeni kunaangukia karibu sana na kufwa kwetu, na mzee wa hapa anaweza kutishika akaagiza mama apelekewe habari. Lakini katika lugha ya mwotaji, kifo hakimo. Sauti hiyo imezaliwa katika sikio la mpokeaji, na hofu yote imejengwa juu ya tofauti ya lahaja. Paka wa Talmudi angetosha kumwonya: uliza kwanza, kwenu mnasemaje?

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kila hukumu isiyoeleweka inaficha mchezo wa sauti. Ibn Kutaiba anataja pia kufasiri kwa Kurani: mayai ni wanawake, kwa sababu ya aya ya 49 ya sura ya 37, kamba ni agano, kwa sababu ya aya ya 103 ya sura ya 3. Viungo hivyo ni vya matini, si vya sauti, na kwa msomaji anayeijua Kurani havipotei vikigeuzwa Kiswahili au Kifaransa. Zipo pia hukumu za kinyume, na zile za kufanana kwa maumbo. Kipimo ni rahisi. Rudisha jina la kitu katika lugha ya asili ya kitabu. Kama jina na hukumu vinashiriki mfuatano wa konsonanti, ni fumbo la sauti. Kama havishiriki, tafuta aya, methali au umbo. Asiye na neno la asili hana kipimo, na heri anyamaze kuliko kubuni.

Sigmundi Froidi, katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilichotoka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1899, alilipokea wazo kwamba vitabu vya ndoto vya Mashariki hutegemea sana mfanano wa sauti, na kwamba ndiyo sababu tafsiri zake za Ulaya hazieleweki. Lawama hiyo inawaangukia wafasiri wetu pia. Atafsiriye safarjali kwa jina la Kifaransa, ambalo hutamkwa sawasawa na neno la Kifaransa la kona, amelifuta fumbo la Kiarabu na kuliacha wazi fumbo jingine ambalo mwandishi hakulikusudia. Kiswahili, kwa bahati, kimelikopa neno safari, hivyo mfasiri wa Kiswahili akiliacha jina safarjali mahali pake na kuongeza maelezo ya mstari mmoja, msomaji ataisikia sababu kwa sikio lake mwenyewe. Kwa sausani hatuna bahati hiyo. Sana ya Kiarabu yenye maana ya mwaka haimo katika matumizi yetu ya kawaida, na suu vilevile. Hapo maelezo hayaepukiki.

Kutunga orodha mpya ya Kilubumbashi, yenye makala na kulota badala ya safarjali na sausani, kungekuwa kurudia kosa lilelile kwa nguo nyingine. Katika mji ambamo mtu mmoja huzungumza Kiswahili sokoni, Kiluba au Kibemba kwa wazazi na Kifaransa kazini, hakuna orodha itakayojua ndoto fulani ilisema kwa lugha gani. Anayekusanya ndoto kwa ajili ya utafiti hana budi kuandika maneno ya mwotaji jinsi alivyoyatamka, na kuuliza ni neno lipi lililosemwa ndani ya ndoto na kwa lugha ipi, kabla hajafungua kitabu chochote.