Kitako cha Chupa

Kijana anaponyoosha simu juu ya meza ya duka na kusema, "Ami, hebu niangalizie hii," mzee haanzi na bei. Bei ameshaiona, maana imeandikwa kwa wino mwekundu, kubwa kuliko picha yenyewe: shilingi 3,200 kwa chupa ya Sauvage Elixir, mililita 100, mpya, nailoni haijatolewa, mzigo wa Dubai. Anaifunika kwa kidole gumba, kisha anaivuta picha hadi chupa peke yake ijae kwenye simu.

Duka lake ni chumba kimoja katika Mji wa Kale, Mombasa, chenye rafu zinazopanda hadi darini. Anauza udi, attar za kupimwa kwa tola, na marashi machache ya Ulaya ambayo anajua yalikotoka. Zamani watu walimjia kununua. Siku hizi wengi humjia na picha za matangazo, naye huzitazama bila kutoza kitu, kwa utaratibu uleule, hata kama mlangoni pana mteja mwenye pesa mkononi.

Swali lake la kwanza si kama chupa ni orijino au feki. Huuliza kwanza hii ni chupa gani. Wengi huyachanganya maswali haya mawili, na wauzaji wa bandia hula hapohapo. Chupa za Sauvage za Dior zina umbo la familia: ni za mviringo, nzito kitakoni, hazina kona, rangi ya usiku, kifuniko cheusi. Lakini ndani ya umbo hilo wamo ndugu waliozaliwa miaka tofauti. Eau de Toilette ilitoka 2015, Eau de Parfum 2018, Parfum 2019, na Elixir 2021. Asiyejua huona jina Sauvage akaridhika. Mzee huusoma mstari mdogo ulio chini ya jina, kisha hulinganisha kioo na maandishi, kwa sababu kioo cha Elixir kimekolea na hakipitishi mwanga kwa wepesi kama kile cha ndugu yake mkubwa wa 2015.

Anashusha chupa yake mwenyewe kutoka rafuni, anaisimamisha kando ya simu na kuiwashia tochi kwa nyuma. Mimi niliyekuwa kando yao niliona chupa mbili nyeusi. Yeye alikuwa anafuata ukingo wa kitako, pale kioo kinene kinapokutana na marashi. Katika chupa nzuri mpaka huo umenyooka na unene wake ni mmoja pande zote. Kwenye bandia sakafu ya ndani mara nyingi huinamia upande, au huwa na povu dogo la hewa lililoganda ndani ya kioo. Halafu alipanda mabegani, akatafuta ule mstari mwembamba ambao kalibu huuacha pale nusu zake mbili zinapofungana. Ukipita katikati ya jina, au ukihisika kwa ukucha, huwa amepata la kuuliza. Kwenye picha ya tangazo hakuona lolote, kwa kuwa ile ilikuwa picha ya matangazo ya kampuni yenyewe. Chupa ya muuzaji ilikuwa bado haijaonekana.

"Mwambie akupigie picha tatu," akamwambia kijana. "Chupa bila kifuniko. Kitako cha chupa. Kitako cha boksi. Na kando yake aweke karatasi yenye tarehe ya leo, kwa mkono wake."

Wakati tukisubiri jibu, alinionyesha kifuniko. Kifuniko cha Sauvage hushikwa na sumaku. Alikishika juu ya shingo bila kukigusisha, akakishusha polepole mpaka sumaku ikakichukua kutoka vidoleni mwake. Hakikugonga wala hakikucheza. Akakivua tena, akakipima uzito kiganjani, akachungulia ndani yake kuona kama plastiki imekatwa safi. Nikamuuliza kama sumaku ndiyo alama ya ukweli. Akatikisa kichwa. Bandia za sasa nazo zina sumaku. Kifuniko kikilegea, chupa imejihukumu, lakini kikishika vizuri hakijathibitisha kitu. Kanuni hii ya upande mmoja ndiyo iliyonishika zaidi katika kazi yake, kwani karibu kila kipimo alichonacho kinaweza kuitia chupa hatiani, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuisafisha peke yake.

Picha zikaingia. Kwenye ya kwanza, pete ya chuma inayobana pampu shingoni ilikuwa imekaa upande, na chini yake palionekana kitu kama gundi iliyokauka. Mzee hakusema neno. Alikwenda kwenye picha ya kitako, akachukua lenzi ya kukuzia, akaishika juu ya simu.

Namba ya bechi ndiyo anayoipa muda mrefu kuliko vyote. Kila kundi la marashi yaliyotiwa kwenye chupa kwa mkupuo mmoja hupewa namba, ili likitokea tatizo kiwanda kijue mzigo upi urudishwe. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223/2009, inalazimisha namba hiyo iwepo. Lakini kila kampuni huiandika kwa lugha yake. Ya Chanel ni tarakimu nne, na bila jedwali huwezi kuutoa mwaka ndani yake. Ya Dior inasomeka kwa macho: tarakimu moja, herufi moja, kisha tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, herufi ni mwezi, na mbili za mwisho ni kundi.

Kwenye kitako kile namba ilianza na 9. Akageukia picha ya boksi, nayo ilianza na 9, na zote nne zilifanana. Kijana akachangamka, maana alikuwa amesikia kwamba namba za chupa na boksi zikifanana basi mali ni halali. Hata akaiingiza kwenye tovuti ya checkfresh.com, nayo ikampa tarehe. Mzee akamweleza bila haraka kwamba tovuti ya aina hiyo haimjui muuzaji wala haimuoni. Hupokea herufi ulizoandika na kuzigeuza kuwa mwezi na mwaka. Mwenye kutengeneza bandia huinakili namba ya kweli kutoka chupa ya kweli, akaichapa kwenye maboksi elfu, na yote hupewa tarehe safi.

"Sasa isome wewe," akamwambia. "Tisa ni mwaka gani?"

"2019."

"Au?"

Kijana akafikiri. "2009."

"Au 2029, ambayo haijafika. Na Elixir ilitoka lini?"

Kimya kikapita. Elixir iliingia sokoni 2021. Haikuwepo 2019, na 2009 hata Sauvage ya kwanza ilikuwa bado. Mwenye kunakili alichukua namba halali ya chupa nyingine ya Dior na kuibandika kwenye marashi ambayo siku hiyo hayakuwa yamezaliwa. Hakuna tovuti ingemwambia kijana hivyo, kwa sababu tovuti haikuulizwa ile ni chupa gani. Ndiyo maana mzee alianza na umbo.

Mwanya wa miaka kumi katika namba za Dior humpa kazi ngumu zaidi zinapokuja chupa za zamani. Kwenye rafu ya juu ana Fahrenheit, ile yenye kioo kinachopita kutoka wekundu hadi manjano ya moto, marashi yaliyotoka 1988. Namba yake inaanza na 4, na kwa chupa iliyoishi sokoni muda wote huo 4 yaweza kuwa 1994, 2004, 2014 au 2024. Umbo halisaidii sana hapo. Mzee aligeuza boksi na kusoma orodha ya viambato. Tangu 2005 Ulaya inataka vitu fulani vinavyoweza kudhuru ngozi za baadhi ya watu vitajwe kwa majina, vikiwemo Limonene na Linalool, ambavyo vimo katika marashi mengi. Boksi lake halikuvitaja, basi miaka miwili ya mwisho ikaanguka. Njia hiyohiyo hufanya kazi kinyume. Kiambato kiitwacho Butylphenyl Methylpropional kilipigwa marufuku Ulaya kuanzia Machi 2022, hivyo boksi linalokitaja huku namba yake ikidai limetengenezwa 2024 limenakiliwa kutoka boksi la zamani.

Nikamuuliza kuhusu chupa isiyo na namba kabisa. Nilitarajia aseme ni feki. Alitoa moja chini ya meza, kitako chake kimekwaruzwa mstari mmoja pale namba ilipokuwa. Kuna wafanyabiashara wanaonunua mzigo halali kutoka kwa wakala aliyeruhusiwa kuuza nchi moja, wakaupeleka nchi nyingine. Hufuta namba ili kampuni isimjue wakala aliyeuvujisha. Marashi yaliyomo ni ya kweli, ila huwezi tena kujua umri wake, na bidhaa ikiwa na kasoro huwezi kuifuatilia. Yeye hununua chupa kama hizo kwa nadra, na humwambia mteja kabla hajalipa.

Mwishoni kabisa ndipo alipoondoa kidole kwenye bei. Anakubali kwamba marashi halali yanaweza kuuzwa kwa bei ya chini. Testa huja katika boksi lisilo na mapambo, wakati mwingine bila kifuniko, na hushuka bei. Chupa iliyokwisha kutumika nusu hushuka zaidi. Marashi yasiyotafutwa na mtu hushuka hadi muuzaji achoke. Lakini Elixir inatafutwa, na chupa yake ya mililita 60, ambayo ndiyo saizi iliyotoka nayo mwanzo, huuzwa madukani nje kwa zaidi ya dola 140. Hiyo ni zaidi ya shilingi 18,000 kabla ya usafiri na ushuru. Anayetoa mililita 100 mpya kwa 3,200 anauza chini ya gharama ya mtu yeyote aliyenunua kihalali, na hakueleza kwa nini.

Kijana aliuliza kama anaweza kuinunua hivyohivyo, maadamu inanukia. Mzee alimjibu kwamba bandia nyingi hunukia vizuri dakika za kwanza, na kwamba yeye hajui kilichomo ndani ya ile chupa, wala muuzaji hajui. Kwa pesa hizohizo, alisema, Armaf na Lattafa za Falme za Kiarabu zina marashi yanayofuata njia ya harufu za Ulaya, na kila moja ina jina la aliyeitengeneza juu ya boksi. Kijana alinunua mojawapo, akarudishiwa chenji, na muuzaji wa tangazo hakujibiwa.