"Kumbe" chini ya Picha: Fani ya Maelezo ya Mnyama wa Kwanza

Makala hii fupi inahakiki utanzu tunaoudharau: maelezo ya chini ya picha. Chukua ile ya mnyama wa kwanza kuonekana Mikumi, kwenye uwanda wa Mkata, milima ya Uluguru ikiwa kwa mbali. Chini yake husomeka "Maajabu ya Muumba" au "Urithi wetu wa asili". Hebu tuhamishie maneno hayo Ngorongoro, au hata kwenye picha ya maporomoko ya maji. Yanakaa vilevile, si ndio? Basi yamechoka. Hayakuona kitu.

Sasa tujaribu mfano niliotunga mwenyewe:

"Tulidhani mti umetulia. Kumbe twiga, anatutazama."

Sentensi mbili tu, lakini tuzichambue. Kwanza, picha imeshamwonyesha twiga, kwa hiyo kutuambia ni mrefu ni kurudia. Kisichomo pichani ni ile sekunde kabla ya kumtambua. Kamera imefika baada ya "kumbe". Maneno yanarudi nyuma kuifuata.

Pili, tazama upatanisho. Mti "umetulia", twiga "anatutazama". Kutoka *u-* hadi *a-* tumevuka ngeli, na Kiswahili humpa mnyama upatanisho uleule wa mtu. Yaani kilichokuwa kitu kimekuwa nafsi, tena nafsi iliyotuona kabla yetu. Mshangao umo ndani ya sarufi, hauhitaji kivumishi. Andika "twiga mzuri wa ajabu" uone jinsi unavyopoa.

Tatu, baada ya "kumbe" hakuna hata "ni". Ni jina tupu, kama mtu anavyosema kinywa kikiwa wazi.

Hata hivyo fani hii ina mpaka wake. "Kumbe" hudai kwamba mtu alidhani vingine kwanza. "Kumbe simba ni mkali!" haina maana, maana nani alidhani ni mpole? Na barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza ndani ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Abiria wa basi humwona pundamilia peupe, mchana kweupe, bila kumdhania kitu kingine. Hapo kulazimisha "kumbe" ni uongo. Afadhali kusema kilichotokea garini: "Pundamilia. Mzee aliyelala tangu Morogoro ameamka, hataki kurudi kulala." Mshangao umehamia kwa mtazamaji, nasi tunaupima kwa usingizi uliopotea.

Kwa mtazamo wangu, basi, maudhui ya maelezo hayo si mnyama peke yake, bali ni badiliko lililotokea kati yake na aliyemwona. Mwandishi ajiulize kwanza: kabla ya picha hii nilidhani nini? Kama hakudhani kitu, atazame jirani yake kwenye kiti. Wenye hoja tofauti waandike, uwanja uko wazi.