Penalti iliyomezwa na habu

Waliotazama fainali ile ya Ifakara, iwe kwenye simu au kwenye banda umiza kule Mlimba, wanajua ninachozungumzia. Mpigaji anatenga mpira, mrushaji anahamia kamera ya nyuma ya goli, skrini inakuwa nyeusi. Picha inarudi kipa akiwa anajipangusa vumbi na mpira umeshatulia wavuni. Wengi wamelaumu bando, wengine mnara wa simu. Mnara hauna hatia. Rekodi iliyobaki kwenye diski ya waandaaji ina shimo lile lile, dakika ile ile, na picha hufika kwenye diski bila kupita mtandaoni hata kidogo.

Kosa lilifanyika asubuhi. Mafundi waliiacha ofisini kompyuta ya mezani yenye kadi ya PCIe ya HDMI nne, wakabeba laptopu, vijiti vitatu vya USB na habu moja. Sababu waliyoitoa ni kwamba laptopu ni nyepesi na ina betri, umeme ukikatika kazi inaendelea. Hoja ya betri naielewa, bonde letu tunalijua. Lakini dawa ya umeme ni yu-pi-esi. Haikuwahi kuwa kubadili njia inayopita picha.

Tuifuate picha yenyewe. Kamera zao zilitoa 1080p ya fremu 50 kwa sekunde. Fremu moja ina nukta 1,920 kwa 1,080, na kila nukta, kwa mpangilio wa kawaida wa kadi hizi, inachukua baiti 2. Zidisha kwa 50 unapata megabaiti 207 kila sekunde kwa kamera moja. USB 2.0, hata ikiwa haina mshirika, hufikisha megabaiti 40 hivi. Kwa hiyo kijiti cha bei rahisi hakipitishi picha nzima. Hubana kila fremu kama picha ya JPEG na hakivuki fremu 30 kwa sekunde. Ndiyo maana mpira wa mbali ulikuwa unarukaruka mchana kutwa: 50 haigawanyiki vizuri kwa 30, fremu nyingine zinadondoshwa kwa mwendo usio sawa. Kama wangechagua 25, ambayo vijiti vingi vya aina hii vinayo, ingedondoshwa fremu moja kati ya kila mbili na jicho lisingeona kurukaruka kule. Hilo ni kosa dogo, nalisamehe.

La habu silisamehe. Vijiti hivi hudai nafasi ya kudumu, yaani kabla ya kutuma chochote vinaiomba kompyuta iviwekee sehemu ya njia isiyoguswa na kifaa kingine. USB 2.0 hugawa kila sekunde vipande 8,000. Kipande kimoja kina nafasi ya baiti 7,500, na kanuni inaruhusu asilimia 80 tu, baiti 6,000, zigawiwe vifaa vyenye madai hayo. Kijiti kikiomba kiwango cha juu kabisa huchukua baiti 3,072. Viwili ni 6,144. Zimezidi 144, na hakuna kubembelezana: wa pili ananyimwa, na anayenyimwa hatoi picha mbaya, hatoi picha kabisa.

Sasa rudini kwenye mechi. Kipindi cha kwanza kamera ya goli ilikuwa na ukungu, kama imewekewa plastiki. Huo ulikuwa ukubwa wa chini, ulioomba nafasi ndogo, na kwa hiyo ukakubaliwa. Wakati wa mapumziko kuna mtu alipandisha ukubwa ili picha ipendeze. Kwenye OBS chanzo kikiwekwa kizimwe kisipoonyeshwa, hakiombi nafasi hadi siku ya kuitwa. Cha kamera ya goli kilikaa kimya, kamera kuu ikiendelea kushika baiti zake 3,072, na kiliitwa kwa mara ya kwanza tangu mapumziko kwenye penalti. Ule weusi wa sekunde kadhaa ni muda wa fundi kuhangaika kurudisha ukubwa wa zamani. Ukiitazama rekodi tena utaona ukungu umerudi pamoja na picha.

Nimeambiwa habu ilikuwa ya USB 3.0, ya rangi ya buluu. Haisaidii chochote. Kifaa cha USB 2.0 kwenye habu ya buluu hupita kwenye waya za zamani zilizomo ndani ya kebo ile ile, na vyote vitatu vinagawana megabiti 480 zilezile. Wala msidanganywe na plagi ya buluu ya kijiti chenyewe. Zipo nyingi za buluu zenye chipu ya USB 2.0. Kwenye Linux chomeka kijiti kwenye tundu la USB 3.0 uandike amri hii, ukikuta `480M` pembeni ya kijiti, umenunua rangi:

```
lsusb -t
```

Kadi iliyobaki ofisini ingefanyaje? Kamera tatu zinahitaji megabaiti 622 kwa sekunde. Kompyuta ile ni OptiPlex 7010, mtumba ambao nusu ya ofisi za nchi hii zinao. Sloti yake ya njia moja, PCIe ya kizazi cha pili, ina megabaiti 500 kwa hesabu ya karatasi, kwa hiyo isingetosha. Lakini ina sloti ndefu ya pili, yenye urefu wa njia 16 na waya za njia 4 tu: megabaiti 2,000 kwenye karatasi, na ukitoa gharama za mawasiliano bado zinabaki zaidi ya mara mbili ya mahitaji. Urefu wa sloti hausemi ukweli, kwa hiyo usome mwenyewe:

```
sudo lspci -vv | grep -E "^[0-9a-f]|LnkCap:|LnkSta:"
```

`LnkCap` ni uwezo, `LnkSta` ni kilichopatikana. Chini ya jina la kadi ukiona `Width x4` juu na `Width x1` chini, ama umechomeka sloti isiyo yake au kadi haijakaa vizuri.

Na kwa wale wanaoniandikia kila mwezi kuhusu kadi za TV: hiyo ni kazi tofauti, acheni kuzichanganya. Kadi ya TV ya leo haipokei picha nzima, hupokea mkondo uliokwisha kubanwa na mrushaji. Masafa mazima ya DVB-T2 hayafiki megabaiti 7 kwa sekunde, hivyo USB 2.0 inatosha na sloti ya njia moja ni anasa. Kinachoua kadi za TV hapa ni kizazi: tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, bado kuna wanaouza za analojia, na za DVB-T isiyo na 2 zinapita kama mpya.

Analojia ilikuwa na mashujaa wake, nakiri. Hauppauge PVR-150 ilikaa kwenye sloti ya PCI iliyogawana megabaiti 133 na kila kitu kingine, ikabana MPEG-2 kwenye chipu yake yenyewe na kuiachia kompyuta megabaiti moja hivi kwa sekunde. Pentiamu 4 ilirekodi nayo usiku kucha bila jasho. Waliotengeneza kadi ile waliuliza kwanza njia inabeba kiasi gani. Wa fainali ya Ifakara waliuliza mzigo una kilo ngapi.

Mengine waliyafanya vizuri: sauti ilikuwa safi na mtangazaji alijua majina ya wachezaji wote.

Mechi ijayo, ndugu zangu, itoeni kompyuta ile ofisini, kadi ikae kwenye sloti ndefu, yu-pi-esi chini ya meza. Na kama lazima iwe USB, kila kamera iende kwenye tundu lake lenye kidhibiti chake, kisha fungueni kamera zote kwa pamoja kwa ukubwa kamili kabla timu hazijaingia uwanjani.