Kauli Tatu Ubaoni

Somo la tatizo la uovu huanza vizuri kwa chaki na kauli tatu: Mungu anaweza yote, Mungu ni mwema kabisa, uovu upo. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alidai kwamba mtu hawezi kuzishika zote tatu bila kujipinga. Mwalimu anayeijua kazi huziacha ubaoni, huwapa wanafunzi wa kidato cha sita muda wa kuzitazama, kisha huuliza nani yuko tayari kufuta moja. Mara nyingi hakuna anayefuta. Mmoja husema kwamba Mungu anaweza kuzuia uovu, ila ametupa hiari. Hoja ya hiari huwa imeingia darasani bila kuandikiwa kichwa cha habari, na mwalimu hupata nafasi ya kuuliza swali la pili: tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755, lililowakuta watu ibadani Siku ya Watakatifu Wote, lilitokana na hiari ya nani? Tofauti kati ya uovu atendao binadamu na madhara ya maumbile hushika papo hapo.

Ugumu huanza zinapoingia dini. Njia ya mkato ni kuchora jedwali: Wakristo wanasema hivi, Waislamu vile, Wahindu vingine. Jedwali hilo huonekana la haki, lakini linapotosha, kwa sababu kila dini imebishana yenyewe kwa yenyewe juu ya jambo hili. Usawa wa kweli ni kuonyesha ubishi huo wa ndani.

Kitabu cha Ayubu kina ubishi wa namna hiyo. Elifazi, Bildadi na Zofari wanamjia rafiki yao, wanakaa naye chini siku 7 bila kusema neno, kisha wanaanza kueleza: mateso ni malipo ya dhambi, basi atubu. Ayubu anakataa. Katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao, si yeye. Mwanafunzi anayeandika kwamba Biblia inafundisha kuwa mateso ni adhabu aonyeshwe sura hiyo kabla ya kupewa alama. Katika Kurani, kwenye sura za Al-Anbiyaa na Saad, Nabii Ayubu anatajwa kwa aya chache tu: hakuna mjadala wa marafiki, kuna dua fupi, maji yanayobubujika chini ya mguu wake, na sifa ya subira. Kuvisoma visa hivi viwili pamoja huzaa maswali mengi kuliko mhadhara wowote.

Wala isidhaniwe kwamba Uislamu una subira tu, hauna hoja. Husimuliwa kwamba huko Basra Abul Hasan al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake, al-Jubbai wa madhehebu ya Muutazila, habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto. Al-Jubbai alishikilia kwamba Mungu humtendea kila mja lililo bora kwake. Basi mtoto akiuliza kwa nini hakuachiwa umri apate daraja ya kaka yake? Ataambiwa kwamba Mungu alijua angekua aasi, ndiyo maana akamwahi. Hapo yule kafiri atapaza sauti: mbona mimi sikufishwa mdogo? Al-Jubbai, kisa chasema, alinyamaza. Darasa nalo hunyamaza, na kimya hicho kisikatizwe upesi.

Ubuddha unahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwani haumweki Mungu muumba katikati. Kauli mbili za kwanza ubaoni haziuhusu. Swali lake si nani aliyeruhusu mateso, bali yanatoka wapi na yanakomaje, na jibu linaanzia kwenye tamaa. Kuulazimisha ujibu swali la Mackie ni kumpima samaki kwa kupanda mti. Karma nayo, kwa Wahindu na Wabuddha, hupingwa kwa hoja inayofanana na ya Ayubu: inaweza kumgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa.

Hatari moja haiko vitabuni. Katika darasa la watu 40 huenda yupo aliyezika mzazi juzi, akaambiwa msibani kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kwa hiyo mifano huchukuliwa Lisbon na Basra, si mtaani, na hakuna anayeombwa kutoa ushuhuda.

Mafanikio hupimwa kwa zoezi moja. Mwanafunzi Mkristo anaeleza hoja ya al-Ash'ari, Mwislamu anamtetea Ayubu dhidi ya Elifazi, na wenye dini husika wanasikiliza. Wakisema, "Ndivyo tunavyosema sisi," alama kamili. Wakiguna, insha inarudishwa.