Mguso wa Kwanza na Adui Mgongoni

Bao alilofunga Dennis Bergkamp wa Arsenal katika uwanja wa Newcastle, St James' Park, tarehe 2 Machi 2002, aghalabu husifiwa kwa uzuri wake. Lakini kwangu mimi thamani yake kubwa ni hesabu iliyofanywa na mwili kabla mpira haujawasili.

Robert Pires alipompelekea pasi ya chini kutoka upande wa kushoto, Bergkamp alikuwa karibu na ukingo wa eneo la adhabu, amelipa goli mgongo, na beki Nikos Dabizas amemganda nyuma. Beki anayemjia mtu kwa nyuma hutaraji mojawapo ya mambo mawili, ama mpira utulizwe miguuni, ama urudishwe ulikotoka. Na kwa tarajio hilo huuegemeza uzito wake mbele, hata ikawa ni vigumu kwake kugeuka upesi. Bergkamp hakufanya hili wala lile. Kwa upande wa ndani wa mguu wa kushoto aliugusa mpira ukapita ubavu mmoja wa Dabizas, naye akazunguka akapitia ubavu wa pili, na yule beki, aliyekuwa na mwili mmoja tu, hakuweza kufuata vyote viwili. Alipokutana tena na mpira, mshambuliaji alikwisha kuuweka mwili wake baina ya beki na mpira, akamalizia kwa mguu wa kulia, na mlinda mlango Shay Given hakuwa na la kufanya. Arsenal walishinda 2-0.

Tazama kifundo cha mguu katika mguso ule. Hakikukazwa kama cha mpigaji. Kililegezwa kiasi cha kuuacha mpira uendelee na kasi ya pasi, ukibadili njia tu. Laiti kingekazwa, mpira ungemfikia Given. Na lau mpira ungelitulizwa kabisa, ungelikuwa chini ya mguu wa Dabizas.

Hila hii ina mpaka wake, nao ni umbali na mwendo wa beki. Akiwa amekaribia naye yumo mbioni, hugeuzwa. Lakini akisimama hatua moja nyuma, magoti yamekunjwa, anangoja, mguso ule ule humkabidhi mpira. Hapo sharti mpokeaji asimame kiubavu, aupokee kwa mguu ulio mbali na adui, mkono ukiwa chini umenyoshwa kidogo ili ahisi kifua cha beki kilipo, kisha amrudishie mwenzake anayelitazama goli.

Kosa hudhihiri mapema. Mchezaji ambaye pasi imekwisha kuondoka, naye bado nyayo zote mbili zimelala chini na kifua kimemkabili mpigaji sawasawa, amejiachia njia moja tu, ya kurudi nyuma, na beki aijua. Basi wewe ufundishaye vijana, usingoje mguso ndipo uhukumu: mtazame mpokeaji wakati mpira ungali njiani, na kama hajatupa jicho juu ya bega, simamisha zoezi papo hapo.