Kwa Yule Ambaye Hakuwepo Kikaoni

Matangazo mengi ya mtaani huandikwa na mtu aliyetoka kikaoni muda si mrefu. Jumamosi inayozungumziwa anaijua, uwanja ameshauona, na saa imejadiliwa mbele yake hadi ikapatana. Kwa hiyo anaandika "Jumamosi", "uwanjani" na "saa mbili", na kila neno kwake ni kamili. Anayeliandika tangazo hilo upya ana kazi ya kujisahaulisha hayo yote, alisome kama mtu ambaye hakuwepo. Hapo ndipo ufundi wake ulipo, na si katika herufi kubwa wala rangi.

Tuchukue mfano wa tangazo ambalo kila mwenye simu amewahi kupokea mfano wake:

"TANGAZO TANGAZO TANGAZO. Ndugu wananchi, kamati ya afya ya mtaa wetu kwa kushirikiana na wadau mbalimbali inapenda kuwatangazia kwamba kutakuwa na zoezi la upimaji wa macho bure kwa wazee wetu siku ya Jumamosi saa 2–8 hapo Mnazi Mmoja. Wote mnakaribishwa, wahini mapema."

Hakuna uongo humo, na siku, saa na mahali vyote vimetajwa. Lakini msomaji ameachiwa abahatishe mara tatu.

Tuanze na siku. "Jumamosi" ina maana moja tu kwa siku chache. Ujumbe wa simu hauzeeki usoni: ukitumwa Jumatano na kupitishwa kundi hadi kundi, Jumatatu inayofuata utakuwa bado unatembea, na atakayeupokea siku hiyo ataisubiri Jumamosi ambayo haina kitu. "Kesho" ndiyo mbaya zaidi. Dawa ni kuandika jina la siku, tarehe, mwezi kwa neno na mwaka: Jumamosi, 11 Julai 2026. Wapo wanaoona jina la siku ni ziada pale tarehe inapokuwepo, lakini hivyo viwili hulindana. Mwandishi akikosea tarehe, jina la siku litamsuta.

Mwezi nao uandikwe kwa neno, kwa sababu wazee wengi hupelekwa hospitali kwa mipango ya watoto walio mbali. Sisi tukiandika 11/7 tunasema tarehe 11 Julai. Binti aliyezoea kalenda za Marekani, ambako mwezi hutangulia, atasoma tarehe 7 Novemba. Na hapa jina la siku halimwokoi, kwa kuwa 11 Julai na 7 Novemba huangukia siku ileile ya juma kila mwaka. Mwaka 2026 zote mbili ni Jumamosi. Atakagua kalenda, ataona mambo yanalingana, na atatulia na kosa lake.

Shughuli za usiku zina mtego wao. Ukiandika "usiku wa Ijumaa", wengi mwambao watakuja Alhamisi, maana kwao siku mpya huingia jua likizama, na wengine watakuja Ijumaa yenyewe. Wote wako sahihi. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na hakuna atakayepotea.

Saa ndiyo inayohitaji mkono mwepesi kuliko yote. "Saa 2–8" kwetu ni asubuhi hadi mchana. Lakini simu mfukoni huonyesha saa kwa hesabu nyingine, iliyopishana na yetu kwa saa sita, na vijana wengi wamezoea kusoma tarakimu kama simu inavyozisoma. Kwao mbili hadi nane ni kuanzia mchana hadi mapema usiku, muda unaofaa kabisa kwa shughuli ya mtaani. Kijana atamleta bibi yake kwa wakati, bila haraka, na atafika dakika ileile wapimaji wanapofunga masanduku. Kosa la namna hii haligunduliki mapema kwa sababu lina mantiki.

Neno moja tu hulizuia. Ukisema "saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana", hesabu ya pili inavunjika yenyewe, maana hakuna mtu ambaye kwake usiku wa manane ni asubuhi. Hata hivyo neno hilo halitoshi kila mahali. "Saa 5 asubuhi" inaweza kusomwa kabla ya jua kuchomoza au karibu na adhuhuri, na pande zote mbili zikaiita asubuhi. "Saa 10 usiku" ni hivyohivyo. Kwa saa hizo, ongeza tarakimu za simu pembeni: saa 5:00 asubuhi (11:00). Mabano hayo madogo yanaondoa ubishi.

Kisha mahali. Mnazi Mmoja ipo Dar es Salaam, na ipo Unguja. Kila moja ina viwanja, na kila moja ina hospitali yenye jina hilohilo. Mtu akisikia upimaji wa macho, miguu yake itakwenda wapi? Hospitalini, bila shaka, na huko ataulizia foleni ambayo hakuna anayeijua. Kwa hiyo haitoshi kutaja palipo sahihi. Pale ambapo kuna pengine panapovutia zaidi, pataje na upakatae. Viwanja vikubwa navyo vina pande, na mzee mwenye fimbo hapaswi kuvizunguka, hivyo taja upande pia.

Tangazo letu sasa linasomeka hivi:

UPIMAJI WA MACHO BURE KWA WAZEE
Jumamosi, 11 Julai 2026
Saa 2:00 asubuhi (08:00) hadi saa 8:00 mchana (14:00)
Viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Si hospitalini.

Kamati na wadau hawajafukuzwa. Wanakuja chini, pamoja na namba ya kuuliza. Hapo ndipo mvutano huzuka, kwa sababu mwenyekiti hupenda heshima itangulie. Mweleze kwamba simu ikiwa imefungwa huonyesha mistari ya mwanzo tu, na mistari hiyo ikiliwa na salamu, wengi hawatafungua kusoma mengine.

Wazee wenye simu za vitufe watumiwe ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukibana namna hii, unaenea:

UPIMAJI WA MACHO BURE KWA WAZEE. Jumamosi 11 Julai 2026, saa 2:00 asubuhi hadi 8:00 mchana. Viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar, upande wa Bibi Titi. Si hospitalini.

Kabla ya kutuma, mpe simu mtu ambaye hakuwepo kikaoni, aitazame kidogo, kisha ichukue. Muulize siku, saa na mahali. Akisita popote, usimweleze kwa mdomo, rudi ukarekebishe pale aliposita. Na shughuli ikiahirishwa, usitume "Jumamosi haipo tena". Tuma tangazo zima upya, likianza na neno MABADILIKO na tarehe ya zamani ikitajwa kuwa imefutwa, kwa kuwa lile la kwanza bado liko njiani.

Kazi ikikaa vizuri utaijua kwa maswali yatakayorudi. Hakuna atakayeuliza "wapi?" au "Jumamosi ipi?". Watauliza kama mzee aje na miwani yake ya zamani, na kama anayetumia dawa za sukari anaruhusiwa kunywa chai kabla ya kuja. Hayo ndiyo ambayo kamati ilipaswa kuulizwa tangu mwanzo.